Sura ya Saba: Tangi Kwenye Picha, Maji Kwenye Kikombe

"Hebu tazama picha hii ya tangi letu. Haya maji yanafaa kunywa kweli?" Swali hili husafiri kwa simu kila siku. Mama aliye Shinyalu humtumia mwanawe aliye Nairobi, aliyechanga pesa za kununua tangi. Mwalimu mkuu huko Malava humtumia afisa wa afya ya umma kabla ya shule kufunguliwa. Na tangu mwaka 2023, serikali ilipowapa wahamasishaji wa afya ya jamii simu za kazini, kupiga picha ya mahali maji yanapowekwa kumekuwa jambo jepesi kuliko kuandika maelezo yake daftarini.

Jibu la haraka ni kwamba hakuna picha inayoweza kukuambia maji ni salama. Vijidudu vya kuharisha havionekani kwa jicho, na kamera ya simu haina jicho kali kuliko lako. Maji meupe pepepe yanaweza kuwa yamebeba kinyesi, na yenye wekundu wa udongo yanaweza kuwa na vijidudu vichache kuliko hayo. Lakini wanaosema kwa sababu hiyo kwamba picha haina kazi wanakosea pia. Picha hujibu swali jingine, ambalo mara nyingi ndilo lenye manufaa zaidi: uchafu unaweza kuingia humu kupitia wapi? Sura hii inaonyesha jinsi ya kuiuliza picha swali hilo, na la kufanya ukishapata jibu.

Maji hutoka safi, yakaharibikia nyumbani

Kakamega haina uhaba wa mvua. Kwa mwaka hunyesha takribani milimita 2,000, na mabonde yake yana chemchemi nyingi. Kwa miaka mingi, juhudi za maji safi magharibi mwa Kenya zimeelekezwa kwenye kuzijengea chemchemi hizo. Jicho la maji hufunikwa kwa mawe, changarawe na udongo, ukuta wa saruji hujengwa mbele yake, na maji yakatoka kwa bomba badala ya kuchotwa kwenye kidimbwi ambacho ng'ombe nao hukanyaga.

Je, maji yanayotoka safi kwenye bomba hilo hufika kikombeni yakiwa safi? Mwanauchumi Michael Kremer, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2019, na wenzake walilipima jambo hilo Busia na Butere-Mumias, na Butere na Mumias leo zimo ndani ya Kaunti ya Kakamega. Walilinganisha chemchemi zilizojengewa na zile zilizokuwa bado kujengewa. Penye chemchemi, uchafu wa kinyesi ulipungua kwa asilimia 66. Walipopima maji yaliyohifadhiwa ndani ya nyumba, upungufu ulikuwa asilimia 24 tu. Watoto walinufaika, kwani visa vya kuharisha vilipungua kwa karibu robo. Lakini sehemu kubwa ya faida iliyopatikana chemchemini ilipotea kabla ya maji kunywewa.

Ilipotea wapi? Fuata mtungi mmoja wa lita 20. Unaoshwa mdomo kwa kiganja ambacho hakijaona sabuni. Unajazwa, na kwa kuwa kifuniko chake kilipotea zamani, unazibwa kwa gunzi la mahindi au kipande cha nailoni. Ukifika nyumbani, maji yanamiminwa kwenye ndoo pana. Mtoto anakuja na kikombe, anakizamisha, na vidole vinaingia pamoja nacho. Bomba la chemchemi halina kosa lolote katika safari hiyo yote.

Mwaka 1993, katika kambi ya wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, watafiti walizipa familia kadhaa ndoo yenye kifuniko kisichotoka na mdomo mdogo wa kumiminia, huku wengine wakiendelea na ndoo za kawaida. Maji yalitoka kwenye visima vilevile. Kwenye ndoo zilizofunikwa, vijidudu vya kinyesi vilikuwa pungufu kwa asilimia 69, na watoto wa chini ya miaka mitano waliharisha pungufu kwa karibu theluthi. Hakuna dawa iliyotiwa. Kilichobadilika ni kwamba mkono haukuwa na njia ya kuingia majini.

Hiyo ndiyo sababu picha ya tangi au ndoo ina thamani. Umbo la chombo, kifuniko chake na namna maji yanavyotolewa huamua mengi, na yote matatu yanaonekana.

Dalili za leo na dalili za siku nyingi

Shida ya picha ni kwamba hupigwa kwa sekunde moja, na mwenye nyumba anajua inapigwa. Kifuniko kilichokuwa kimeegemezwa ukutani wiki nzima hurudishwa mahali pake. Kata iliyokuwa imelala chini hupanguswa na kutundikwa. Kwa hiyo, unapoisoma picha, zitenge dalili katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni dalili za leo, yaani zile ambazo mtu anaweza kuzibadilisha kwa dakika moja: kifuniko kipo au hakipo, kikombe kiko wapi, sakafu imefagiwa au la. Hizi ziamini nusu. Fungu la pili ni dalili za siku nyingi, ambazo haziwezi kutengenezwa wala kufichwa kwa haraka, kwa sababu zilichukua muda kujitokeza. Hizi zipe uzito zaidi.

Chukua utelezi wa kijani kwenye ukuta wa ndani wa tangi. Ule ni mwani, mimea midogo sana inayoota majini, na kama mimea mingine haioti gizani. Ukiuona ndani ya tangi linalosemekana kufunikwa daima, basi mwanga umekuwa ukiingia mahali fulani: kifuniko hakikai sawasawa, kina ufa, au plastiki yenyewe ni nyembamba kiasi cha kupitisha jua. Mahali panapopita mwanga, mara nyingi panapita pia vumbi na wadudu. Mwani wenyewe si lazima ukudhuru, lakini ni shahidi asiyeweza kufundishwa la kusema.

Shahidi mwingine ni viluwiluwi vya mbu, wale wadudu wadogo wanaojipindapinda karibu na uso wa maji. Kutoka yai hadi mbu kamili huchukua kama wiki moja au zaidi kidogo, kutegemea joto. Kwa hiyo kiluwiluwi kimoja tu kwenye picha kinakuambia kwamba siku kadhaa zilizopita mbu alipata njia ya kuingia na kutaga. Hata kifuniko kiwe kimekaa vizuri kiasi gani leo, njia hiyo ipo, na isipokuwa kifunikoni, itafute kwenye bomba la kumwagia maji yakizidi.

Tazama pia mstari wa uchafu unaozunguka ukuta wa ndani pale maji yanapofikia, na matope yaliyotulia chini. Mstari mwembamba ni wa kawaida. Tabaka nene la kahawia, lililojaa hadi karibu na mfereji, linasema kwamba tangi halijaoshwa kwa misimu kadhaa. Mwisho, tazama vumbi lililo juu ya kifuniko. Kikiwa na vumbi sawasawa kote, kimekaa hapo muda mrefu. Kikiwa safi kikazungukwa na tangi lenye vumbi, huenda kimewekwa kwa ajili ya picha.

Picha nne, na majibu matatu

Picha moja iliyopigwa kwa mbali huonyesha tangi jeusi na anga la buluu, basi. Ukitaka kupima kwa haki, omba nne:

1. Picha ya mbali, inayoonyesha tangi au ndoo pamoja na mazingira yake: paa, miti iliyoinamia, kuku, choo, shimo la takataka.
2. Picha ya mdomo wa chombo jinsi ulivyokutwa, kabla mtu hajagusa kifuniko.
3. Picha ya ndani, kifuniko kikiwa kimefunguliwa na tochi ya simu nyingine ikimulika kutoka pembeni. Mwanga wa kamera yenyewe hurudi kutoka juu ya maji na kuficha kila kitu.
4. Picha ya mahali maji yanapotolewa: mfereji, au kata na kikombe, pamoja na ardhi iliyo chini yake.

Kisha uliza picha hizo maswali matano. Je, chombo kimefunikwa chote, bila mwanya? Je, mkono au kikombe kinaweza kufika majini? Je, kuna kitu ndani zaidi ya maji? Je, kila tundu lina wavu au kizibo? Je, wanyama au maji machafu ya ardhini yanaweza kufika kwenye mdomo au mfereji?

Hapa ndipo wengi huteleza. Kwa kila swali wana majibu mawili tu, ndiyo na hapana, na pale picha isipoonyesha, huandika jibu zuri. Tangi ambalo ndani yake hakuna aliyepaona huandikwa "safi" kwa sababu nje linang'aa. Weka jibu la tatu: haionekani. Jibu hilo halihesabiwi upande wa usafi wala wa uchafu. Linaomba picha nyingine. Ukikuta maswali matatu kati ya matano yamejibiwa "haionekani", usitoe hukumu yoyote kuhusu tangi hilo, kwa kuwa bado hujaliona.

Maswali mawili yanabaki ambayo picha haitajibu kamwe, na lazima aulizwe mtu: chombo kilioshwa lini mara ya mwisho, na maji haya yametiwa dawa au kuchemshwa lini? Andika majibu hayo pembeni ya picha pamoja na tarehe.

Tuzisome picha za boma moja

Tuchukue mfano wa boma kama mengi yaliyoko Lurambi. Kuna tangi jeusi la plastiki la lita 1,000 chini ya ukingo wa mabati, na jikoni kuna ndoo ya lita 20 ya maji ya kunywa.

Picha ya mbali inaonyesha mparachichi ulioinama juu ya paa, na gata, yaani mfereji wa bati unaokusanya maji ya mvua, limejaa majani. Hilo ni jambo la kwanza la kuandika, kwa sababu ndege hutua kwenye tawi na kinyesi chao huoshwa na mvua hadi kwenye gata. Picha ya mdomo inaonyesha kifuniko kimekandamizwa kwa jiwe. Jiwe si kosa lenyewe, ila linauliza swali: kwa nini kifuniko hakikai bila jiwe? Picha ya tatu inajibu. Kifuniko kilikatwa tundu ili bomba la gata lipite, na tundu ni pana kuliko bomba. Katikati umebaki mwanya unaoweza kupitisha kidole. Tochi inaonyesha utepe wa kijani upande uleule wa mwanya, na viluwiluwi viwili juu ya maji. Mwani na mbu wametoa ushahidi mmoja. Bomba la maji ya ziada nalo liko wazi bila wavu. Picha ya nne inaonyesha mfereji unaodondoka matone, matope chini yake, na bata wawili matopeni. Mfereji uko chini mno, kiasi kwamba ndoo haiingii bila kuinamishwa, hivyo mtu anayechota hugusisha mdomo wa ndoo na mfereji uliorukiwa matope.

Sasa njoo jikoni. Ndoo iko juu ya kigoda, imefunikwa, na kikombe cha plastiki kimewekwa juu ya kifuniko. Kwa haraka utasema hapa pako sawa. Lakini ndoo haina mfereji, na kata yenye mpini mrefu haionekani popote. Basi maji hutolewaje? Kwa kikombe hichohicho, kikishikwa na vidole. Kwa swali la pili, la mkono kufika majini, ndoo hii imeanguka ingawa inapendeza kuliko tangi.

Ukilazimika kuchagua pa kuanzia, anza na ndoo. Uchafu wa tangi mara nyingi ni wa ndege, majani na mbu, na bado utakuwa na nafasi ya kuutibu kabla ya kunywa. Uchafu wa ndoo ni wa vidole vya watu, unaoingia dakika za mwisho kabla ya maji kufika mdomoni, na hakuna kituo kingine mbele yake cha kuuzuia. Kinyesi cha binadamu ndicho chenye hatari kubwa zaidi kwa binadamu mwenzake.

Muhtasari kufikia hapa: picha haisemi kama maji ni safi. Inasema uchafu unaweza kupita wapi, na dalili za siku nyingi zinasema kama umekuwa ukipita. Pasipoonekana, usihukumu.

Kuyafanya maji kuwa salama zaidi

Kwa boma hilo, kazi inakwenda kwa mpangilio huu: ziba njia, osha chombo, kisha tibu maji. Ukigeuza mpangilio, utatia dawa kwenye tangi ambalo wiki ijayo litachafuka upya.

Kuziba njia kunahitaji pesa kidogo. Mwanya wa kifuniko huzibwa kwa kipande cha wavu wa dirishani kilichofungwa kwa waya kuzunguka bomba, na bomba la maji ya ziada hufungwa wavu vivyo hivyo. Tawi la mparachichi hukatwa. Mfereji wa tangi huwekewa kokoto chini ili matope yasiruke, au tangi huinuliwa juu ya msingi wa mawe. Kwa ndoo ya kunywa, fundi anaweza kutoboa tundu karibu na chini na kufunga mfereji wa plastiki wenye mpira. Pesa zikikosekana, miminia maji kwenye mtungi wenye mdomo mwembamba, na uyatoe kwa kuinamisha. Mtungi una udhaifu mmoja: mkono hauingii hata kuosha. Tia kokoto safi, sabuni na maji kidogo, ziba, tikisa kwa nguvu, kisha suuza hadi povu liishe.

Mvua nayo ina jambo lake. Maji ya kwanza baada ya siku za kiangazi huosha vumbi na kinyesi cha ndege kilichokaa juu ya mabati. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la mita 40 za mraba likioshwa na milimita ya kwanza, hizo ni lita 40, yaani mitungi miwili. Ondoa bomba la gata, yaache hayo yamwagike au yakingwe kwa kufulia, kisha lirudishe bomba.

Kuosha tangi kunahitaji limwagwe lote na lisuguliwe kwa brashi ya mpini mrefu na sabuni, kisha lisuuzwe. Usimwingize mtoto ndani ya tangi ati kwa kuwa ni mdogo, wala mtu yeyote asiingie penye dawa, kwa sababu mvuke wake hukaba pumzi mahali pasipo na hewa. Baada ya kusugua, ua vijidudu vilivyobaki kwa klorini. Klorini ni ile dawa iliyomo kwenye maji ya kung'arisha nguo nyeupe na kwenye maji ya mabomba ya mjini. Kwa kazi hii hutumiwa kiasi kikubwa, gramu 50 kwa lita 1,000. Chupa ya dawa ya nguo ambayo lebo yake inasema asilimia 3.5 ina gramu 35 za klorini katika kila lita, kwa hiyo tangi la lita 1,000 linahitaji kama lita moja na nusu. Chagua isiyo na manukato wala sabuni, na usiichanganye kamwe na dawa ya kusafishia choo. Jaza robo ya tangi, tia dawa, jaza hadi juu, funika, acha saa 24. Maji hayo hayanywewi. Yamwage mbali na mto na bustani, suuza, na tangi liko tayari.

Kutibu maji ya kunywa ni jambo tofauti kabisa kwa kipimo. Vitoa-klorini vya buluu vilivyowekwa penye chemchemi nyingi za magharibi mwa Kenya viliundwa kutoa mililita 3 za dawa hafifu, ya takribani asilimia 1.25, kwa mtungi wa lita 20. Hiyo ni kama miligramu 2 za klorini kwa lita moja. Dawa za maji zinazouzwa dukani, kama WaterGuard, hufuata hesabu ya aina hiyo, na kipimo kimeandikwa kwenye chupa: kwa kawaida kifuniko kimoja kwa lita 20 za maji meupe, na viwili maji yakiwa na ukungu. Koroga, funika, subiri dakika 30. Maji yenye udongo mwingi yaache kwanza yatulie, uyachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, ndipo utie dawa, kwa kuwa klorini huishia kupambana na udongo kabla ya kuvifikia vijidudu.

Tia dawa hii kwenye ndoo wala si kwenye tangi. Ndani ya tangi la mvua, majani na utelezi wa ukutani huila klorini, na mvua ya jioni huleta maji mapya yasiyotibiwa. Kwenye ndoo unajua lita ni ngapi na saa ni ngapi. Kunywa maji hayo ndani ya siku moja. Kama unapenda baridi ya nyungu ya udongo, fahamu kwamba ndani yake klorini huisha upesi zaidi kuliko kwenye plastiki.

Na hapa kamera inapata kazi ambayo haikuwa nayo mwanzoni. Kuna vipimo vidogo vya klorini ambavyo hugeuza maji kuwa ya rangi ya waridi: kadiri rangi inavyokolea, ndivyo klorini iliyobaki ilivyo nyingi. Kichupa chenye rangi ya waridi, kikipigwa picha kando ya kadi yake ya rangi mchana kwenye kivuli, ndiyo picha pekee katika sura hii inayosema neno kuhusu maji yenyewe. Ikionyesha miligramu 0.2 kwa lita au zaidi siku moja baada ya kutibu, kuna klorini ya kutosha iliyobaki kuvikabili vijidudu vingi vitakavyoingia. Ikibaki nyeupe, klorini imekwisha, hata kama ndoo inang'aa.

Wanaopinga wana hoja

Wa kwanza husema: tumekunywa maji haya tangu wazee wetu na hatujafa. Ni kweli kwamba mtu mzima aliyezoea vijidudu vya kwao huugua mara chache. Lakini kipimo hakiwezi kuwa mtu mzima aliyebaki hai. Anayelipa gharama ni mtoto wa miezi minane, ambaye mwili wake hauna akiba ya maji na hukauka kwa siku moja ya kuharisha.

Wa pili husema klorini ina harufu na inadhuru. Harufu ipo, na kama ni kali mno kipimo kimezidi. Lakini Shirika la Afya Duniani linakubali hadi miligramu 5 kwa lita kwa mtu anayekunywa maji hayo maisha yake yote, nasi tunazungumzia 2. Ukiacha ndoo imefunikwa usiku kucha, harufu hupungua.

Wa tatu husema: mimi huchemsha, basi. Kuchemsha kunafaa sana. Kakamega iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka yakiwa na joto la kama nyuzi 95 badala ya 100, lakini hilo linatosha kuua vijidudu vya kuharisha. Yakitokota kwa dakika moja, yamekwisha kazi. Kuchemsha hata huua vimelea ambavyo klorini haiwezi. Kasoro yake ni kwamba maji yaliyopoa hayana kinga yoyote. Kikombe kimoja chenye vidole hurudisha mambo yalipokuwa, na kuni zimeteketea bure. Anayechemsha anakihitaji kifuniko na mfereji kuliko yeyote.

Hoja nzito zaidi ni ya wanaojua utafiti. Kati ya 2012 na 2016, jaribio kubwa lilifanywa Kakamega, Bungoma na Vihiga, ambapo familia zilipewa klorini, vyoo bora au vifaa vya kunawia mikono. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 hayakuonyesha kwamba watoto wa familia hizo waliharisha kidogo kuliko wengine. Basi kwa nini tusumbuke? Jibu la haki lina sehemu mbili. Kwanza, nyumba zilipopimwa, chini ya nusu zilikutwa na klorini kwenye maji yao, na dawa iliyo ndani ya chupa haitibu maji ya ndoo. Pili, mtoto anayetambaa hupata vijidudu pia kutoka kwenye udongo na kinyesi cha kuku, na maji safi hayazibi njia hizo. Utafiti huo unatukataza kuahidi kwamba ndoo yenye mfereji itakomesha kuharisha. Hauonyeshi kwamba maji yenye kinyesi hayana madhara. Na unatufundisha kwamba kugawa chupa si sawa na kuhakikisha klorini imo majini. Ndiyo maana kichupa cha waridi kina uzito kuliko picha ya chupa mpya kwenye rafu.

Muhtasari wa sura

- Usiulize picha kama maji ni salama. Iulize uchafu unaingia kupitia wapi.
- Amini mwani, viluwiluwi na matope ya chini kuliko kifuniko kilichowekwa leo.
- "Haionekani" ni jibu kamili. Omba picha nyingine.
- Anza na ndoo ya kunywa, kisha rudi kwenye tangi.
- Ziba, osha, tibu, kwa mpangilio huo. Tibu kwenye ndoo, subiri dakika 30, kunywa ndani ya siku moja.
- Aliyechemsha na afunike.

Kwa hiyo, yule kijana wa Nairobi aliyetumiwa picha ya tangi asijibu "safi" wala "chafu". Na amwandikie mama hivi: "Nipigie nyingine, kifuniko kikiwa wazi na tochi ikimulika kutoka pembeni. Halafu nionyeshe kikombe mnachochotea maji ya kunywa."